Chini Kidogo ya Mara Tatu

Ukimwambia mwanamke huyu kwamba jana mvua ilinyesha sana, atakuuliza, "Sana mara ngapi?" Ukimwambia mtoto wa jirani analia mno siku hizi, atataka kujua analia mara ngapi ya kawaida yake, na hiyo kawaida uliipima lini. Ndiyo maana kazini walimbandika jina la Bi Mara Ngapi, kwanza kwa kumteta, kisha mbele ya macho yake, mpaka naye akawa anaitika. Mumewe, mtu mpole mwenye karakana ya kushona viti vya magari, alijifunza mapema kutosema "nimechoka sana". Alisema "nimechoka" tu, akanyamaza, akaletewa chai yake kwa amani.

Bi Mara Ngapi alikuwa mwangalizi wa soko la hisa. Msifikirie kelele na watu wanaopungiana mikono. Hayo yalikwisha zamani. Soko siku hizi ni kompyuta. Madalali wanaketi maofisini mwao, wanabonyeza, hisa za kampuni fulani zinatoka kwa huyu kwenda kwa yule, na katika chumba kimoja chenye madirisha yasiyofunguka na zulia lililoliwa na magurudumu ya viti, watu wawili wanatazama nani anabonyeza nini. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa Fundi, mwanamume wa makamo mwenye ndevu za mvi, aliyeajiriwa kutunza mitambo na ambaye kwa kuzoea aliishia kutunza pia hasira za jirani yake.

Kazi yenyewe aliieleza hivi kwa kila mgeni aliyeletwa kuoneshwa chumba, na aliieleza kwa sauti ya mtu anayemsomea kiziwi:

"Kila kampuni ina usingizi wake. Hii huuza hisa nyingi kila siku, ile huuza chache. Mimi nachukua idadi ya hisa zilizouzwa kila siku kwa siku kadhaa za soko zilizopita, natafuta wastani. Kesho naitupa ile siku ya zamani kabisa, naingiza mpya. Wastani unatembea na soko. Halafu naichukua leo naiweka mbele ya wastani, nauliza: mara ngapi? Ikiwa ni mara moja, watu wanafanya biashara. Ikiruka ua niliouweka, ambao sikuambii uko wapi, na hakuna habari yoyote gazetini, kuna mtu anajua jambo ambalo mimi na wewe hatulijui."

Mgeni akiuliza kwa nini asitazame bei tu, alikuwa anamtazama mgeni kuanzia viatu kupanda juu. "Bei ni moshi," alisema. "Mimi nautafuta mkono wenye kiberiti."

Kwa haki yake, alikuwa anaijua kazi. Saa nne asubuhi hakukilinganisha kipande cha siku na wastani wa siku nzima, kosa ambalo wengi hulifanya, wakaona kila asubuhi soko limelala na kila jioni limepata kichaa. Alikuwa na wastani wa kufikia saa nne, wa kufikia saa sita, wa kufikia mwisho wa siku. Mfuko wa pensheni ukimuuzia mwenziwe rundo kubwa kwa mapatano, rundo lile aliliweka pembeni, lisije likauvimbisha wastani mwezi mzima na kuficha vitu vidogo nyuma yake. Na leo hakuiingiza kamwe kwenye wastani wa kuipimia leo. Fundi aliwahi kufanya hivyo katika wiki yake ya kwanza, maskini, na hakusahauliwa.

"Fundi," alimwambia siku ile, mbele ya mtu wa kufagia na mbele ya mkaguzi wa hesabu, "mgonjwa ana homa. Wewe unachukua joto lake, unalichanganya na la watu wazima wa afya, kisha unamwambia hayuko mbali na wenzake. Ungekuwa daktari ungezika mtaa mzima."

"Nimekosea, dada. Nimesharekebisha."

"Najua umesharekebisha. Nataka uone aibu kidogo kabla ya chai."

Adui wake mkubwa, hata hivyo, hakuwa Fundi. Ilikuwa Kengele. Mkurugenzi wa soko, mtu wa suti za rangi ya bluu na maneno ya kukodi, alisafiri akarudi na mtambo wa kutoa tahadhari. Bei ya hisa yoyote ikipanda au kushuka asilimia kumi kwa siku moja, mtambo unalia, skrini zote zinakuwa nyekundu, na ujumbe unaingia kwenye simu ya Mkurugenzi. Mtambo ulizinduliwa kwa utepe na keki. Bi Mara Ngapi alikula keki, kipande kikubwa, akasema mbele za watu kwamba ni mara ya kwanza kuona sherehe ya kuzindua kilio.

"Maana italia lini?" aliendelea, akifuta mdomo. "Bei ikisharuka. Na bei ikisharuka, aliyejua habari kabla ya wenzake amekwisha nunua, amekwisha uza, yuko ufukweni. Sisi tutabaki na skrini nyekundu, tunapendeza."

Mkurugenzi alicheka kwa meno tu. Kisu chake alikitoa wiki mbili baadaye, kwenye kikao. Bi Mara Ngapi alikuwa amepandisha bendera juu ya hisa za kampuni ya saruji: mara nne ya wastani, hakuna habari, tuulize. Wakaulizwa watu wa saruji, nao wakajibu kwa adabu kwamba siku ya mwisho ya kununua ili mtu apate gawio, yaani mgao wa faida ya mwaka, inakaribia, kama ilivyotangazwa, na watu wananunua ili wapate gawio.

"Kwa hiyo," alisema Mkurugenzi, akiinamisha kichwa kama mtu anayefariji msibani, "tumeiandikia kampuni kubwa barua kuiuliza kwa nini watu wanapenda gawio."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, jambo lililomuumiza Bi Mara Ngapi zaidi.

"Robo hii ya mwaka ikiisha," Mkurugenzi alimalizia, "kama huo uangalizi wa wingi haujatuonesha kitu ambacho Kengele haikioni, tutaufunga. Kengele inatosha. Wewe, mama, tutakutafutia nafasi kwenye elimu kwa umma. Una kipaji cha kueleza."

Elimu kwa umma ilikuwa meza moja chini ya ngazi, na rundo la vipeperushi ambavyo hata mvua ilivikataa. Alirudi kwenye kiti chake akikanyaga zulia kama lina deni lake. Miaka yake ishirini na mmoja ilikuwa imeishia katika kiti kile. Asingekwenda chini ya ngazi kwa ajili ya mtu aliyenunua honi.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mdogo wake kula mchana. Mdogo wake alikuwa muuguzi, mcheshi, mwepesi wa kusamehe, na kwa maoni ya dada yake alikuwa ameitumia kasoro hiyo ya mwisho kuchagua mume. Shemeji mwenyewe alikuwa dalali wa hisa. Alivaa saa inayoonekana kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Utani wa shemeji na shemeji ulikuwa mkubwa baina yao, na kama utani mwingi, ulikuwa na mfupa ndani.

"Shemeji, nasikia wanakupeleka chini ya ngazi," alisema akimmiminia maji.

"Habari zako huwa zinafika mapema. Siku nyingine nitakuchunguza wewe."

"Nichunguze. Mimi mtu safi. Lakini niambie ukweli, hivyo vitu vyako vya wastani, vinakamata mtu kweli? Sisi madalali tunasema Bi Mara Ngapi anapiga ramli tu."

Mdogo wake akasema, "Mwache ale, wewe."

Lakini alikuwa ameshaguswa pale. Angeguswa mahali pengine angenyamaza, pale hapana. Akaweka kijiko chini.

"Ramli? Sikiliza, wewe mwenye saa. Mara tatu ndio ua wangu. Chini ya mara tatu sigeuzi hata shingo, kwa sababu soko lina vichaa wake wa kawaida na sina muda nao. Juu ya mara tatu, najua jina la dalali wako, jina la mteja, na amekunywa chai na nani. Siku ishirini nyuma, leo mbele. Mtu hawezi kununua hisa nyingi za kampuni iliyolala bila kuruka ua ule. Hawezi."

"Hawezi," alirudia shemeji, akitikisa kichwa kwa heshima. Akamwongezea nyama.

Na Bi Mara Ngapi alipokwenda nyumbani alijiona ameshinda. Ndivyo tulivyo, mtu akikuvutia kiti cha sifa, hutazami kama kina miguu.

Sasa kulikuwa na kampuni ya magodoro. Hisa za magodoro zililala kuliko magodoro yenyewe. Zilikuwa zimeshikwa na wastaafu na wajane waliozirithi, wakisubiri hawakujua nini. Katika siku za mwanzo wa mwezi ule zilianza kujigeuzageuza. Mara mbili na nukta nane ya wastani. Bi Mara Ngapi akaona, akasonya, akapita. Kesho yake mara mbili na nukta saba. Akapita. Mara mbili na nukta nane tena. Bei ilipanda chembe moja, ikatulia, ikapanda chembe nyingine. Kengele haikukohoa, maana hakuna siku bei ilipokaribia asilimia kumi.

Yeye wakati huo alikuwa anahangaika na kampuni kubwa, anatafuta bendera ya kumfungia Mkurugenzi mdomo. Alitaka samaki wa kupigwa picha. Magodoro?

Fundi ndiye aliyekuja na karatasi yake, amechora mstari.

"Dada, hebu tazama magodoro."

"Mara ngapi?"

"Mbili na nukta nane."

"Basi usinisumbue. Ua ni tatu."

"Najua ua ni tatu. Lakini jana ilikuwa hivyohivyo. Na juzi. Na wiki iliyopita yote."

"Fundi, kitu kikiwa hivyohivyo kila siku kinaitwa kawaida. Nilikufundisha."

Fundi hakuondoka. Alikuwa na ukaidi wa watu wapole, ambao ni mbaya kuliko ukaidi mwingine. "Hivyohivyo kwa mara," alisema, "si kwa hisa. Mara haipandi, lakini hisa zenyewe zinapanda ngazi. Kila siku zaidi ya jana."

Akaanza kumjibu neno kali, akaliacha katikati. Alivuta karatasi. Akatazama, akachukua kalamu, akafanya hesabu ndogo pembeni, ya kitoto kabisa, kama anavyomfanyia mgeni. Tuseme kawaida ya magodoro ni hisa elfu moja kwa siku. Mtu ananunua mpaka siku inafika elfu mbili na mia nane, anaacha. Ua haujarukwa. Lakini siku ile sasa inaingia kwenye wastani, na siku moja ya zamani iliyolala inatoka. Kesho wastani si elfu moja tena, ni elfu moja na tisini. Ua uliokuwa elfu tatu umesogea mpaka elfu tatu mia mbili na sabini. Mtu anapewa nafasi zaidi, anaijaza, anaacha chini kidogo. Keshokutwa ua unasogea tena. Anayenunua hauruki ua. Anausukuma kwa tumbo, taratibu, na kila jioni yeye mwenyewe, Bi Mara Ngapi, anauhamisha kwa mkono wake na kuupigilia misumari.

Alitafuta wastani mwingine, wa miezi mitatu iliyokwisha kabla mwezi ule haujaanza, wakati magodoro bado yamelala. Akauweka mbele ya siku ya leo. Mara tisa.

Aliipigia tisa mstari chini, mara mbili.

"Kuna jambo jingine," alisema Fundi polepole. "Soko la kweli linayumba. Leo moja na nusu, kesho nne, keshokutwa nusu. Hili linafika mbili na nukta nane, linasimama. Kila siku, saa yoyote linapofika, linasimama. Kama mtu aliyeambiwa ua uko wapi."

"Nani anajua ua uko wapi?" alisema Bi Mara Ngapi. "Wewe na mimi."

"Ndiyo, dada. Wewe na mimi."

Alimtazama Fundi kwa shuku, na shuku ile ilidumu muda wa kumeza mate tu, kisha ikageuka ikamrukia yeye mwenyewe. Aliona kijiko kikiwekwa chini. Aliona nyama ikiongezwa.

Akafungua orodha ya wanunuzi wa magodoro. Akaunti nne, dalali mmoja: kampuni anayofanyia kazi shemeji yake. Majina matatu hakuyajua. La nne alilijua tangu lilipotamkwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yao, yeye akiwa na miaka saba amesimama mlangoni kumtazama mtoto mchanga. Lilikuwa jina la mdogo wake.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mtu anapojuana na nafsi yake, na mara nyingi hawasalimiani vizuri. Jambo alilolitafuta robo nzima, kitu ambacho Kengele haikioni, kilikuwa mezani. Angekipeleka, uangalizi wake unaokoka. Lakini bendera ile ingembeba mume wa mdogo wake, labda na mdogo wake, na chini yake ingeandikwa kwamba ua ulitobolewa na mwenye ua, kwa mdomo wake, baina ya maji na nyama. Asipokipeleka, atakwenda chini ya ngazi akiwa msafi machoni pa kila mtu isipokuwa Fundi.

"Tufanyeje, dada?" aliuliza Fundi.

"Nyamaza kwanza. Mpaka kesho."

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Alijiambia anakwenda kusalimia. Uongo mtupu, na kanuni za kazi yake zilisema wazi kwamba anayechunguzwa haambiwi, kwa hiyo hata kwa kwenda alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje ya mstari. Alikaa kwenye kochi, akauliza habari za zamu za hospitali, akaambiwa. Mdogo wake alikuwa amevua viatu, anajikanda nyayo, anasimulia kuhusu mgonjwa anayekataa sindano lakini anataka cheti cha ugonjwa. Hakuna mtu mwenye siri ya magodoro anayejikanda nyayo namna ile. Hilo dada yake aliliona mara moja, na moyo wake ukapata nafasi kidogo.

Kisha akaingia shemeji.

"Ah, mlinzi wa ua," alisema, akivua koti. "Vipi, bado mara tatu, shemeji? Au umeshapandisha bei?"

Alilisema kwa kicheko, kama utani wa siku zote. Lakini baada ya kicheko alisubiri. Mtu anayetania hasubiri jibu.

Bi Mara Ngapi alimtazama yule mwanamume. Alikuja akiwa tayari kumwonea huruma. Alikuwa amejiandalia hata maneno, kwamba vijana wana tamaa, kwamba pengine ameshawishiwa. Maneno yale yote yakakauka. Si kwa sababu ya hisa. Alikasirika kwamba mtu yule hakuona hata haja ya kutafuta njia nyingine ya kumuuliza. Alimwona yeye kama bomba: ukifungua, linatoa.

"Bado," alisema. "Mimi mtu wa mazoea."

"Ndiyo raha yako," alisema shemeji, akaenda kuoga.

Asubuhi alimwandikia Mkurugenzi taarifa. Aliiandika kwa kalamu yake ile kali, na safari hii makali yote aliyaelekeza kwake. Akaeleza ngazi ya magodoro, wastani wa zamani na mara tisa yake, akaunti nne, dalali. Akaandika kwamba yeye mwenyewe, kwenye meza ya chakula, alimtajia dalali huyo kipimo na idadi ya siku. Akaandika undugu. Akaandika kwamba jana alikwenda nyumbani kwao, jambo asilotakiwa kulifanya, na kwamba hakusema kitu. Akaomba Fundi aendelee na shauri, yeye aondolewe.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Kengele imelia?" aliuliza.

"Hapana."

"Sasa hapa pana nini? Bei haijaenda popote. Unataka nisimamishe hisa za watu kwa sababu zinauzwa vizuri? Mwezi huu gawio la nani tena?"

"Hakuna gawio. Nimetazama. Wala hakuna tangazo, wala habari, wala tetesi. Piga simu kwenye kampuni uwaulize kama kuna jambo hawajalitangaza. Ni simu moja, bosi. Ukikuta hakuna, nipeleke chini ya ngazi leo hii, nitabeba kiti mwenyewe."

"Na mimi nitaonekana mjinga mara ya pili."

"Utaonekana mjinga mbele ya mtu mmoja wa magodoro. Kengele ikija kulia utaonekana mjinga mbele ya nchi nzima, na simu yako itakuwa ya kwanza kukwambia."

Hakuna aliyewahi kumsifu Mkurugenzi kwa ujasiri, lakini woga wake ulikuwa hodari sana wa kuchagua. Akapiga simu, akaiweka wazi wote wasikie. Katibu wa kampuni ya magodoro alisalimia kwa furaha, akauliza mheshimiwa ana shida gani. Mheshimiwa akauliza kama kuna jambo lolote kubwa kampuni inalijua ambalo soko halijui.

Upande wa pili kiti kikalia, mlango ukafungwa.

"Nani amekwambia?" ilisema ile sauti, haina furaha tena.

Kulikuwa na kampuni kubwa kutoka nje iliyokubali kuinunua ile ya magodoro, kwa bei ya juu sana kwa kila hisa. Tangazo lilikuwa litoke siku chache zijazo. Waliolijua walikuwa wachache, na mmojawapo, ilivyokuja kugundulika, alikuwa rafiki wa siku nyingi wa yule mwenye saa. Biashara ya hisa za magodoro ikasimamishwa kabla ya saa sita. Wastaafu na wajane ambao wangeendelea kumuuzia mtu anayejua kwa bei ya wasiojua, wakabaki na hisa zao mikononi.

Kengele haikulia siku ile wala siku zilizofuata. Katika ripoti yake kwa bodi Mkurugenzi aliandika kwamba mfumo wa tahadhari ulifanya kazi kwa utulivu. Fundi alipoyasoma hayo alitoka nje ya chumba, akacheka kwenye ngazi, akarudi.

Uangalizi wa wingi haukufungwa. Ulipewa Fundi. Aliweka wastani miwili badala ya mmoja, ule unaotembea na mwingine wa nyuma uliokaa mahali pake, na akaongeza macho ya kutazama si wingi tu bali pia usawa usio wa kawaida. Ua wenyewe aliuhamisha, na hakuna aliyeambiwa uliko. Bi Mara Ngapi alisimamishwa kazi akisubiri kikao cha nidhamu, na siku anakusanya kikombe chake na sweta, Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Usilie, unaharibu ndevu," alimwambia.

Mdogo wake hakuja kwa wiki mbili. Shemeji alihojiwa, leseni ikashikiliwa, na akahamia kwa kaka yake kwa muda, kwa sababu mkewe alimwambia hawezi kulala na mtu aliyetumia jina lake kama jina la duka. Alipokuja hatimaye, mdogo mtu hakubisha hodi. Aliketi jikoni kwa dada yake, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Wameniita," alisema. "Keshokutwa. Wanataka niseme kama nilijua."

"Ulijua?"

"Aliniletea makaratasi nitie sahihi nikitoka zamu ya usiku. Ningetia sahihi hata talaka yangu." Akausogeza mkoba mapajani. "Wewe uliliona jina langu, ukalipeleka."

"Nililiona. Nikalipeleka."

"Hukuja kuniuliza."

"Nilikuja. Ulikuwa unajikanda miguu."

Mdogo wake alimkazia macho. Kulikuwa na hasira pale, na chini ya hasira kitu kingine kilichochoka zaidi. Bi Mara Ngapi, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa na la kusema, alisikia maneno yanajipanga: nitakueleza namna wanavyouliza, anza na zamu, usitaje hili kabla ya lile, jibu kwa ufupi. Akavuta kiti karibu.

"Sasa sikiliza. Wakikuuliza kuhusu sahihi, wewe—"

"Hapana," alisema mdogo wake, akainua mkono. "Dada, nakuheshimu. Lakini usinifundishe cha kusema. Mtu wa mwisho uliyemfundisha uliona alikofika."

Bi Mara Ngapi akafunga mdomo. Ilimgharimu, ungemwona ungeijua gharama yenyewe. Aliinuka, akawasha jiko, akaweka maji, na wakayangoja pamoja mpaka yakachemka.